Kabla ya kuomba chuo Uingereza ukiwa na ulemavu: nani atalipa, umuulize nini, na usomeje majibu yake

Karibu kila chuo kikuu cha Uingereza kina ukurasa wa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, na kurasa hizo zinafanana mno. Kuna picha ya kijana kwenye kiti mwendo akicheka na wenzake, kuna sentensi ya kuwakaribisha wote, halafu inafuata orodha: muda wa nyongeza kwenye mitihani, mwandishi wa madokezo, mkalimani wa lugha ya alama, programu za kompyuta. Mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu akiisoma anaamini kwamba akishadahiliwa vyote hivyo ni vyake. Lakini sehemu kubwa ya huduma hizo, kwa Mwingereza, hulipiwa na mfuko wa serikali ambao mwanafunzi wa kigeni hana haki ya kuugusa. Chuo bado kinawajibika kwake kisheria, ila fedha lazima zitoke kwingine, na kuna vyuo ambavyo havijawahi kulifikiria jambo hilo mpaka mtu aulize.

Mwongozo huu ni wa anayetaka shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Ndiyo kozi inayowavuta wengi wetu, na ndiyo isiyokupa nafasi ya kurekebisha mambo yakiharibika. Masomo yanaanza Septemba, na kufikia Mei au Juni vipindi vimekwisha, imebaki tasnifu. Huduma ikikufikia Januari, nusu ya vipindi imeshakupita na ada umelipa yote.

Nitamfuata mwanafunzi mmoja wa mfano hadi mwisho: msichana asiyeona kabisa, mhitimu wa sayansi ya siasa wa Dar es Salaam, anayetumia kisoma skrini cha NVDA kwenye kompyuta na nukta nundu kwa mambo mafupi. Anataka kusoma sera za umma. Wenye mahitaji mengine nitawataja pale njia zao zinapoachana na yake.

Kwanza, jua fedha zinatoka wapi

Sheria ya msingi ni Equality Act ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland. Ireland Kaskazini ina sheria yake. Equality Act inakitaka chuo kifanye marekebisho yanayofaa ili mwanafunzi mwenye ulemavu asiwekwe nyuma ya wenzake, na mambo yake matatu ndiyo yenye uzito kwako. La kwanza, haibagui uraia: ukishakuwa mwanafunzi, au hata mwombaji, inakulinda kama inavyomlinda mzaliwa wa Leeds. La pili, chuo hakiruhusiwi kukutoza gharama ya marekebisho ambayo kinapaswa kuyafanya. La tatu, chuo kinatakiwa kujiandaa mapema kwa ajili ya watu wenye ulemavu kwa jumla, si kukaa kusubiri afike mmoja ndipo kianze kutafuta rampu.

Maana ya ulemavu katika sheria hiyo ni pana kuliko wengi wetu tunavyodhani. Ni hali ya mwili au ya akili inayoathiri kwa kiasi kikubwa shughuli za kawaida za kila siku, na iliyodumu au inayotarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi. Sonona ya muda mrefu, kifafa na matatizo ya kusoma na kuandika vinaweza kuingia humo. Saratani na maambukizi ya VVU vinahesabiwa tangu siku ya kugundulika, hata kama mtu hana dalili. Kwa hiyo usijitoe kwenye mwongozo huu kwa sababu tu hapa nyumbani hakuna anayekuita mlemavu.

Sasa upande mchungu. Mwanafunzi wa Uingereza mwenye ulemavu hupata ruzuku inayoitwa Disabled Students' Allowance. Andika jina hilo hivyo hivyo unapotafuta mtandaoni, maana utalikuta kila mahali. Kwa England, kiwango cha juu cha ruzuku hiyo kinazidi pauni 26,000 kwa mwaka, na hairudishwi. Inalipia vifaa, wasaidizi wa masomo na usafiri wa ziada. Aliyekwenda kwa viza ya mwanafunzi haipati. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi Uingereza anaweza kuipata, na hilo linawahusu Wakongo na Warundi wengi walioko huko. Mwenye hadhi hiyo aulize kwanza kabla ya kukubali kuwekwa kundi la wanafunzi wa kigeni.

Viza ya mwanafunzi pia inakuzuia kupokea posho za serikali, zikiwemo zile za ulemavu. Kwa hiyo marekebisho ya masomo yako yatalipiwa na bajeti ya chuo chenyewe, au na mfadhili wako, au hayatalipiwa. Ofisi zilizozoea mfumo wa ruzuku huwa zinajibu swali lako kwa kukuelekeza huko, na ukijibiwa hivyo ujue aliyekujibu hakusoma kwamba unatoka Tanzania.

Pili, andika mahitaji yako kwa kufuata siku nzima

Usianze na orodha ya chuo. Anza na siku yako ya kawaida, kuanzia kuamka hadi kulala, ukiandika kila mahali unapotumia kifaa, mtu au mpangilio fulani. Andika na yale usiyoyahesabu kama msaada kwa kuwa nyumbani yanafanyika bila kuombwa: dada anayekusomea bei sokoni, mwenzako wa bweni anayekushika mkono hadi ukumbini, bodaboda anayekujua na kukushusha mlangoni. Ugenini, kila mmoja wa watu hao ni huduma yenye bei.

Kisha gawa orodha katika mafungu kulingana na anayeweza kulipa.

Fungu la masomo ni la chuo: vitabu katika muundo unaosomeka, mitihani, madokezo, mkalimani darasani, vyumba vya mihadhara vinavyofikika. Hapa sheria iko upande wako waziwazi. Fungu la makazi na mazingira pia kwa kiasi kikubwa ni la chuo, ikiwa unakaa kwenye nyumba zake.

Fungu la mwili, yaani kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa, kugeuzwa usiku, ndilo linalovunja mipango ya watu wengi. Vyuo kwa kawaida havilichukulii kuwa jukumu lao, na posho za serikali zimefungwa kwako. Na usidhani utaondoka na ndugu. Tangu Januari 2024, mwanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani haruhusiwi kuja na mtegemezi, isipokuwa kozi iwe ya utafiti au awe amefadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Hata anayeruhusiwa, mtegemezi ni mwenzi au mtoto. Mama, dada au binamu hawamo.

Piga hesabu mapema. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2025, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Mtu anayehitaji msaidizi saa 3 kwa siku anatumia saa 21 kwa wiki, yaani pauni 256 na senti kadhaa. Kwa wiki 52 ni zaidi ya pauni 13,000, na hiyo ni kabla ya faida ya wakala, ambaye hutoza juu ya kima hicho. Kama mahitaji yako yako katika fungu hili, swali la mfadhili linatangulia swali la chuo. Usijaze fomu yoyote ya chuo kwa fedha za familia mpaka hesabu hii iwe na jibu.

Mwanafunzi wetu wa mfano hana fungu la mwili. Orodha yake ni hii: vitabu na makala zinazosomwa na kisoma skrini, mitihani kwenye kompyuta yenye NVDA na muda wa ziada, grafu na majedwali yenye maelezo (kozi ya sera za umma ina takwimu, na hilo alilikuta kwenye orodha ya masomo, si kwenye tangazo), na mtu wa kumfundisha njia za mji na kampasi kwa fimbo nyeupe siku za mwanzo. Hilo la mwisho husahaulika sana. Wengi hutaja kompyuta kisha wakifika wanakaa chumbani wiki tatu kwa kuwa hawajui njia ya kwenda maktaba. Wenyeji hupata mafunzo hayo kupitia halmashauri zao, ambako kuna foleni. Wewe uliza kama chuo kitamlipa mkufunzi.

Tatu, hesabu miezi kurudi nyuma

Kama unataka kuanza Septemba ya mwaka ujao, kazi inaanza Juni au Julai ya mwaka huu. Chevening, ufadhili wa uzamili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufunga maombi mapema Oktoba, na ufadhili wa uzamili wa Jumuiya ya Madola nao huwa unafunga karibu na wakati huo. Fomu ya Chevening inakutaka utaje kozi tatu. Ukitaja vyuo ambavyo hujaviuliza chochote, unaweza kushinda ufadhili wa kwenda mahali ambapo hutaweza kusoma.

Mtihani wa Kiingereza wa IELTS nao una kalenda yake. Anayehitaji karatasi ya aina ya pekee, kwa mfano ya nukta nundu, anatakiwa kutoa taarifa miezi mitatu kabla. Anayehitaji mpangilio tu, kama muda wa ziada, wiki sita. Kituo kikikwambia tarehe zipo wiki ijayo, hizo si tarehe zako. Kabla ya kulipa, uliza chuo kama kinakubali shahada yako iliyofundishwa kwa Kiingereza badala ya mtihani, kwa sababu vingi vinakubali, na utakuwa umeokoa fedha na miezi mitatu.

Nne, barua pepe moja yenye maswali yanayojibika

Iandike kwa ofisi ya huduma kwa wenye ulemavu, si kwa udahili wala kwa wakala wa masomo. Wakala analipwa kamisheni ukijiunga, kwa hiyo jibu lake kwa kila swali ni ndiyo. Anwani utaipata kwa kutafuta jina la chuo pamoja na maneno "disability service". Utaituma kwa Kiingereza, ila hapa naiandika kwa Kiswahili ili kila sentensi ikae wazi.

"Mimi ni mwombaji mtarajiwa kutoka Tanzania wa shahada ya uzamili ya sera za umma, ya kuanza Septemba. Nitalipa ada ya mwanafunzi wa kigeni na sina haki ya kupata Disabled Students' Allowance. Sioni kabisa. Natumia NVDA na nukta nundu, na natembea kwa fimbo nyeupe. Naomba majibu ya maandishi kwa maswali haya kabla ya kuamua kuomba.

"Moja: vitabu vya lazima vya kozi hii vinageuzwa na nani kuwa nakala zinazosomeka kwa kisoma skrini, na inachukua muda gani tangu orodha itoke? Orodha ya Septemba hutoka lini?

"Mbili: somo la takwimu linatumia programu gani, na je, mwanafunzi asiyeona amewahi kulisoma? Kama hajawahi, grafu zitaelezwa na nani?

"Tatu: gharama za msaidizi wa masomo na za mkufunzi wa njia zinalipwa kutoka bajeti gani kwa mwanafunzi wa kigeni, na kuna kikomo?

"Nne: mnahitaji ushahidi gani wa kitabibu, na mnakubali barua ya daktari wa Tanzania?

"Tano: naweza kuzungumza nanyi kwa simu ya mtandaoni kabla ya kuomba?"

Inatosha. Ona kwamba hakuna swali linaloweza kujibiwa kwa sentensi ya kukaribisha. "Je, mnawasaidia wasioona?" litajibiwa ndiyo na kila chuo duniani. "Orodha ya vitabu hutoka lini?" lina tarehe, na asiyeijua lazima akamuulize mwalimu wa kozi. Hapo ndipo habari zako zinaanza kutembea ndani ya idara, jambo ambalo ni faida kwako.

Usieleze historia ya maisha, wala usiandike kwa unyonge wa kuomba hisani. Wahusika wanasoma barua nyingi, na wanachotafuta ni hali yako, kozi yako na unachouliza.

Kiziwi atabadilisha maswali mawili. Lugha ya Alama ya Uingereza ni lugha nyingine kabisa. Alfabeti yake inatumia mikono miwili, na anayejua lugha ya alama ya Tanzania au ya Kenya hataelewana na mkalimani wa Manchester siku ya kwanza. Kwa hiyo aulize kama chuo kinaweza kulipia maandishi ya papo kwa papo, yaani mtu anayechapa maneno ya mhadhiri yakaonekana kwenye skrini, na kama kuna fedha za kujifunza lugha ya alama ya huko kabla ya Septemba. Wakalimani ni adimu na hukodiwa miezi kabla, hivyo jibu la "tutaona ukifika" kwake ni jibu la hapana.

Anayetumia kiti mwendo aulize vipimo, si sifa. Neno "inafikika" kwenye tangazo la chumba linaweza kumaanisha mlango mpana tu, wakati bafu lina kizingiti. Aombe upana wa mlango, urefu wa kitanda kutoka sakafuni, picha ya bafu na umbali hadi jengo la kozi, pamoja na mpango wa kumtoa jengoni moto ukitokea wakati lifti zimezimwa. Vyuo vingi vimepimwa jengo kwa jengo kwenye tovuti ya AccessAble, ambako utakuta idadi ya ngazi na uzito wa milango. Aulize pia kama chumba chenye nafasi kubwa kinatozwa bei ya chumba cha kawaida. Kama anakihitaji kwa sababu ya ulemavu, kutozwa bei ya juu ni jambo la kupinga.

Tano, jinsi ya kuyasoma majibu

Tuseme mwanafunzi wetu ametuma barua hiyo kwa vyuo vitatu Julai.

Chuo cha kwanza kinajibu baada ya siku mbili: kinamshukuru, kinasema kinajali ujumuishi, na kinamwomba awasiliane tena atakapopata nafasi. Hakuna swali lililojibiwa. Anaandika mara moja zaidi, akinukuu swali la tatu peke yake. Kikirudia maneno yale yale, anakifuta. Wengine watasema huo ni ukali. Mimi naona ofisi isiyoweza kutaja bajeti kwa mwombaji haitaweza kuitaja kwa mwanafunzi aliyekwama wiki ya pili.

Chuo cha pili kinachelewa wiki tatu, halafu kinajibu kwa urefu. Hakijawahi kuwa na mwanafunzi asiyeona kwenye kozi hiyo. Somo la takwimu linatumia programu ambayo menyu zake hazisomeki vizuri, na mwalimu yuko tayari kumruhusu atumie programu ya takwimu iitwayo R kwa maandishi ya amri. Maktaba inaomba nakala za kidijitali kwa wachapishaji na kupitia RNIB Bookshare, maktaba ya kidijitali ya wasioona, ambayo ni bure kwa taasisi za elimu za Uingereza, na kitabu kisichopatikana kinachukua wiki nne. Chuo kina mfuko wake kwa wanafunzi wa kigeni, ila una kikomo, na mkufunzi wa njia hajawahi kulipiwa, watauliza.

Chuo cha tatu kinajibu haraka, kina huduma nzuri, kimewahi kuwa na wanafunzi wawili wasioona, lakini kinasema msaidizi wa masomo hulipiwa kwa ruzuku ya serikali, na wanafunzi wa kigeni "hushauriwa kutafuta ufadhili binafsi".

Wengi wangechagua cha tatu kwa ajili ya uzoefu wake. Mimi ningeweka cha pili juu. Kimekiri pengo, kimetaja mtu wa kuliziba, na kimeonyesha kwamba mwalimu wa somo gumu ameshaulizwa. Cha tatu kina swali la kurudishiwa, kwa adabu: "Je, chuo kinasema kwamba msaidizi wa masomo si marekebisho yanayofaa chini ya Equality Act, au kinasema kuwa gharama yake nitalipa mimi?" Sentensi hiyo huhamisha barua kutoka meza ya mapokezi hadi kwa mtu anayeijua sheria, na mara nyingine jibu hurudi likiwa limebadilika. Lisipobadilika, umeokoa ada.

Kuna mipaka ya unachoweza kudai. Neno "yanayofaa" lina maana: chuo kinaweza kupima gharama na uwezekano, na hakilazimiki kushusha kiwango cha umahiri kinachopimwa. Kinacholazimika kuangaliwa ni njia ya kupima. Mwanafunzi wa fizikia akishindwa hesabu, hakuna marekebisho ya hilo. Akishindwa kujieleza kwa mdomo mbele ya watu kwa sababu ya ulemavu, chuo kinapaswa kujiuliza kama kusema kwa mdomo ndicho kinachopimwa. Mahakama Kuu ya England mwaka 2024 ilithibitisha hukumu dhidi ya Chuo Kikuu cha Bristol katika kesi ya namna hiyo hiyo, iliyohusu mwanafunzi mwenye hofu kali ya kujieleza mbele ya watu. Kama unajua kozi yako ina mawasilisho ya mdomo na hilo linakugusa, uliza sasa ni sehemu gani inaweza kufanywa kwa njia nyingine.

Sita, barua ya daktari

Kadi ya usajili wa mtu mwenye ulemavu, kama ile inayotolewa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu nchini Kenya, inathibitisha kuwa una ulemavu lakini haisemi unakuathiri vipi masomoni. Barua ya hospitali zetu nayo mara nyingi ina mstari mmoja: jina la ugonjwa, saini na muhuri. Ofisi ya chuo haiwezi kupanga chochote kwa barua hiyo.

Mwombe daktari aandike kwa Kiingereza mambo manne: hali yenyewe, imeanza lini na itadumu muda gani (kumbuka ile miezi 12), inaathiri nini katika kusoma, kuandika, kutembea au kukaa muda mrefu, na anapendekeza nini. Daktari wa zahanati yenye foleni hataandika hayo kichwani, hivyo mpelekee rasimu uliyoandika mwenyewe airekebishe na kuisaini. Si udanganyifu, wewe ndiye unayeijua siku yako.

Mwenye tatizo la kusoma na kuandika ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu vyuo hudai ripoti ya mwanasaikolojia na huku nyumbani wanaoifanya ni wachache na ghali. Aulize kama chuo kitampima akifika na kama kitagharimia kipimo hicho, na ombi hilo liwe ndani ya barua ya kwanza.

Anayetumia dawa kila siku aongeze swali moja kwa daktari: dawa hii ina jina gani la kitabibu, si la dukani. Tozo ya afya inayolipwa pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, inakufungulia huduma za hospitali za umma, lakini England dawa za kuandikiwa zinalipiwa pauni 9.90 kila moja. Wenye kifafa na baadhi ya wenye kisukari huomba cheti cha msamaha. Scotland na Wales dawa hizo ni bure kwa wote, jambo la kuweka kwenye mizani unapolinganisha Glasgow na Birmingham.

Saba, mfadhili naye aulizwe

Tume ya Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ya Uingereza ina utaratibu wa kumwongezea fedha mnufaika mwenye ulemavu baada ya kutathmini mahitaji yake. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni wanachama wa Jumuiya hiyo. Burundi na Kongo sivyo. Kwa anayekubali kusoma nje ya Uingereza, shirika la ufadhili la DAAD la Ujerumani huweza kulipia gharama za ziada zitokanazo na ulemavu, na programu za uzamili za Umoja wa Ulaya ziitwazo Erasmus Mundus zina fungu la mahitaji binafsi juu ya posho ya euro 1,400 kwa mwezi.

Kosa linalojirudia ni kusubiri kushinda ndipo useme. Wengi huogopa kwamba wakitaja gharama watakatwa. Lakini nyongeza hizi hutolewa kwa utaratibu tofauti na uamuzi wa nani ameshinda, na huhitaji makadirio yenye tarakimu. Hapa ile barua ya chuo cha pili inageuka kuwa hati: ina kikomo cha mfuko wa chuo, ina pengo la mkufunzi wa njia, na pengo hilo ndilo unalompelekea mfadhili. Muulize pia mambo mawili madogo yenye gharama kubwa: kama atalipia kufika wiki mbili mapema kabla ya masomo, na kama posho inaendelea iwapo chuo kitakuongezea muda wa tasnifu kwa sababu ya ulemavu. Hilo la pili linagusa hadi viza, kwa hiyo jibu lake liwe kwa maandishi.

Nane, fomu, nafasi na malipo ya awali

Kwenye fomu ya maombi kuna kisanduku cha ulemavu. Kijaze. Chuo hakiruhusiwi kukunyima nafasi kwa sababu hiyo, na taarifa hupelekwa kwa ofisi ya huduma. Kisichotakiwa ni kuifanya barua yako ya maelezo binafsi kuwa hadithi ya ulemavu. Huko andika kuhusu sera za umma.

Nafasi ikija, usikimbilie kulipa malipo ya awali ya ada ambayo vyuo vingi huyadai kabla ya kutoa hati ya kuombea viza. Kwanza omba kikao cha mtandaoni na mshauri wa ofisi ya huduma, umkumbushe barua ya Julai, na umwombe aandike mpango wa msaada hata kama ni rasimu. Soma sharti la kurudishiwa fedha. Kawaida vyuo hurudisha ukinyimwa viza, lakini si lazima virudishe ukigundua Agosti kwamba chumba hakifikiki au msaidizi hayupo. Kama una jibu la maandishi lililoahidi vitu hivyo kabla ya kulipa, una hoja ya kudai fedha zako. Bila maandishi una kumbukumbu ya simu tu.

Mwanafunzi wetu alipata nafasi katika chuo cha pili Februari. Aprili akaomba orodha ya vitabu vya muhula wa kwanza, akapewa ya mwaka uliotangulia pamoja na onyo kwamba inaweza kubadilika. Akaichukua hivyo hivyo: maktaba ilianza na vitabu sita ambavyo mwalimu alisema havitabadilika, na kwa wiki nne kila kimoja, vinne vikigeuzwa kwa wakati mmoja, vya mwisho vilikuwa tayari Juni. Mkufunzi wa njia alilipiwa na mfadhili kwa wiki ya kwanza, na chuo kikakubali kumfungulia chumba siku kumi kabla ya wengine.